Achia taya, mwanangu

Mwanangu,

Nimeitazama video ya mbio zako za mita 100 za Jumamosi mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, na kila mara naisimamisha mahali palepale pawili.

Mahali pa kwanza ni unapopita alama ya mita 50. Mashavu yako yanacheza. Ukiisogeza video fremu moja moja utaona shavu la kushoto linashuka mguu unapokanyaga, kisha linapanda, kama uji kwenye bakuli la mtu anayetembea. Mdomo umefunguka kidogo, shingo ni ndefu, vidole vimekunjwa lakini havijabana kitu. Mahali pa pili ni mita ya 85. Msichana wa njia ya tano amekufikia begani, na uso wako sasa ni wa mtu mwingine: ndita katikati ya paji, meno yameumana, kidevu kimepanda, kano mbili za shingo zimesimama kama kamba za turubai la msibani. Mabega yamekaribia masikio. Ngumi umeifumba kama mtu anayelinda nauli yake ya mwisho.

Ulipomaliza ulinijia ukihema, ukasema, "Mwalimu, nimejikaza mpaka mwisho." Ni kweli ulijikaza, na ndiyo maana nakuandikia. Uwanjani nikipiga kelele "legea!" unanielewa vibaya. Unadhani nakwambia upunguze mwendo, na hakuna mkimbiaji anayekubali kupunguza mwendo mtu akiwa begani kwake.

Nianze na jambo ambalo makocha wengi hatulisemi. Shavu halivuti paja. Hakuna msuli unaotoka kwenye taya ukaenda kujifunga kwenye nyonga. Mtu anaweza kukunja uso kama aliyelamba ndimu na bado akakimbia kasi, na umewaona wa namna hiyo kwenye televisheni. Kwa hiyo nikikwambia achia taya, sitaki sura nzuri ya picha. Taya ni mahali ninapoweza kuona, kutoka jukwaani, kitu kinachotokea ndani ya paja lako ambako jicho langu halifiki.

Kinachotokea huko ndani unakijua tangu utoto. Uliniambia ulilelewa na bibi Korogwe, basi bila shaka umewahi kutwanga wawili kwenye kinu kimoja. Mchi wako unaposhuka, wa mwenzako unapanda. Mkishika mdundo, mnaweza kutwanga haraka sana, tena mkiwa mnapiga soga. Sasa fikiria mwenzako anachelewa kidogo tu kuinua. Mchi wako unashuka wake ukiwa bado ndani, michi inagongana. Ukitaka kuongeza kasi hapo kwa kutwanga kwa nguvu zaidi, utaumiza mikono na mahindi yatamwagika. Kasi ya wawili kwenye kinu haitokani na nguvu ya anayeshusha peke yake. Inatokana pia na wepesi wa anayetoka.

Paja lako ni kinu hicho. Misuli ya mbele ya nyonga na paja inainua goti. Misuli ya nyuma ya paja na makalio inarudisha mguu chini na kuusukuma nyuma. Mmoja ukifanya kazi, mwenzake anatakiwa aachie njia. Mwili wenyewe una utaratibu wa hilo: ndani ya uti wa mgongo, taarifa ya neva inayouamsha msuli mmoja hupita pia kwenye neva nyingine inayoutuliza msuli pinzani. Mwingereza Charles Sherrington aliuchambua utaratibu huo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Lakini amri ya kujikaza kwa nguvu zote ikishuka kutoka kichwani inaweza kuufunika utaratibu huo, na misuli ya pande zote mbili ikakaza kwa pamoja. Huko ndiko kukaza kwa pande mbili. Goti linapanda huku nyuma kuna kitu kinalivuta chini. Wewe unahisi kazi kubwa, na ni kazi kubwa kweli, ila sehemu yake unaifanya dhidi yako mwenyewe.

Sasa tuweke muda juu ya jambo hili, maana ndipo utamu ulipo. Kwenye kasi yako ya juu unapiga karibu hatua 4.6 kwa sekunde. Maana yake mguu mmoja unamaliza mzunguko wake wote, kutoka kukanyaga hadi kukanyaga tena, kwa takribani sekunde 0.43. Ndani ya muda huo msuli wa nyuma wa paja lazima ukaze kuuzuia mguu usirushwe mbele kupita kiasi, uendelee kukaza mguu ukiwa chini, kisha uachie ili goti lipande. Na msuli hauachii mara tu neva inaponyamaza. Ndani ya nyuzi zake kuna kalsiamu iliyomwagwa ili ukaze, na kalsiamu hiyo lazima ipampiwe irudi kwenye vihifadhi vyake ndipo nyuzi ziachane. Pampu hizo zinatumia nishati na zinachukua muda, makumi ya milisekunde. Ukichoka, zinafanya kazi polepole zaidi. Watu wengi wanadhani mkimbiaji aliyechoka ni yule ambaye misuli yake imeshindwa kukaza. Mara nyingi misuli yake imeshindwa kuachia kwa wakati.

Ndiyo maana mita 30 za mwisho ni za hatari. Hapo kila mtu anapungua kasi. Hata Usain Bolt alipungua siku ya rekodi yake ya 9.58, Berlin 2009: mita 60 hadi 80 alizimaliza kwa sekunde 1.61, na 20 za mwisho kwa 1.66. Anayeonekana kwenye televisheni akiwapita wenzake mwishoni kwa kawaida hajaongeza chochote, amepungua kidogo kuliko wao. Wewe Jumamosi ulipomwona yule msichana ulitaka kuongeza. Mwili haukuwa na cha kuongeza, ukakupa ulichoomba kwa njia pekee iliyobaki: kukaza kila kitu.

Nimekuhesabia. Simu yangu inachukua fremu 240 kwa sekunde. Mita ya 50 mguu wako ulikaa chini fremu 26, yaani kama sekunde 0.108. Mita ya 90 ulikaa fremu 29, kama sekunde 0.121. Mita 30 za mwisho unapiga hatua kama 15. Ukizidisha hizo fremu 3 za ziada mara 15 unapata karibu sekunde 0.19, lakini hazikuja zote kwa mkupuo, ziliongezeka kidogo kidogo, kwa hiyo tuseme nusu yake, sekunde 0.09. Katika hiyo 0.09, sehemu ni uchovu ambao ungekupata hata ungekuwa umelala usingizi usoni. Nyingine ni ya kujikaza. Wewe ulipitwa kwa 0.06. Usiidharau namba hiyo. Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya marathoni Tokyo mwaka 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03, baada ya kilomita 42.

Kitu kingine nilichokiona kwenye fremu hizo ni mahali mguu ulipotua. Mita ya 50 unatua karibu chini ya nyonga. Mita ya 90 unatua mbele zaidi, kwa jicho langu karibu nusu ya urefu wa kiatu. Hii ndiyo njia ambayo shingo na mabega yanaingia kwenye mbio moja kwa moja, bila siri yoyote ya neva. Kidevu kikipanda, kifua kinaegemea nyuma, kiuno kinabinuka, goti halipandi tena kama mwanzo, na mguu unaenda kutafuta ardhi mbele ya mwili. Kila unapotua mbele ya mwili unapiga breki kidogo. Na msuli wa nyuma wa paja unakutana na ardhi ukiwa umevutwa zaidi. Hao unaowaona wakishika paja ghafla mita ya 80, wengi wanaumia msuli huo huo, na katika kipindi hicho hicho cha mguu kwenda kutua.

Mabega nayo yana hesabu yake. Mikono inazuia kiwiliwili kisizungushwe na miguu: mguu wa kulia ukienda mbele, mkono wa kushoto unaenda nao kusawazisha. Mkono unabembea kutoka kwenye bega. Ukiliinua bega hadi sikioni, msuli ule mpana unaotoka kisogoni kuja begani umeshaliganda, na bembea inakuwa fupi. Ukifumba ngumi kwa nguvu, mkono wa mbele unakaza, kisha mbele na nyuma ya kiwiko vinakaza pamoja, na kiwiko kinaanza kwenda pembeni badala ya kwenda nyuma. Mikono na miguu inatumia mdundo mmoja. Ukiufupisha na kuukakamaza mkono, mguu haubaki salama, na kiwiliwili kinaanza kuyumba kushoto kulia. Kwenye video utaona namba kifuani mwako inacheza hivyo kuanzia mita ya 80.

Sasa najua utakachoniuliza, kwa sababu ulishaniuliza mwezi uliopita pale kwenye chuma: "Mwalimu, mbona nikibeba uzito unaniambia nikaze meno?"

Swali zuri kuliko ulivyodhani. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari mmoja wa Hungaria, Ernő Jendrassik, aligundua kwamba ukimgonga mgonjwa chini ya goti huku amefunganisha vidole na kuvuta mikono pande mbili, mguu unaruka zaidi kuliko akiwa ametulia. Kuuma meno kunafanya vilevile. Kujikaza sehemu moja ya mwili kunazifanya neva za sehemu nyingine ziwe tayari kuwaka. Kwa mtu anayeinua chuma mara moja, polepole, hiyo ni faida tupu, anataka kila kitu kiwake na kibaki kimewaka. Lakini wewe kwenye mita 100 hauna kazi moja ya kukaza. Una kukaza na kuachia, kukaza na kuachia, zaidi ya mara 20 kwa kila mguu. Kuuma meno kunawasha taa ya nyumba nzima, na wewe unahitaji kuwasha chumba kimoja na kuzima kingine. Kwa hiyo kwenye chuma endelea kukaza meno. Kwenye bloku, sekunde ile ya kwanza ya kusukuma, sitagombana na wewe. Kuanzia mita ya 30 unapoinuka, taya iachie.

Na tusivuke mpaka tukaharibu upande wa pili. Si kila mkazo wa pande mbili ni adui. Muda mfupi kabla mguu haujagusa tartani, kigimbi na msuli wa mbele ya mundi vinakaza pamoja ili kifundo kiwe kigumu kama springi ya chuma. Kifundo kikilegea, kisigino kinazama na muda wa kukaa chini unaongezeka. Tumbo na mgongo navyo vinahitaji kushika. Kulegea ninakokutaka kuna ramani: uso, shingo, mabega na viganja viachie. Kiwiliwili kishike. Kifundo kiwe kigumu wakati wa kugusa. Paja likaze na kuachia kwa zamu. Ukilegeza vyote utakimbia kama kuku aliyemwagiwa maji, na nimewahi kumwona mwanariadha aliyefundishwa hivyo.

Mbona basi nashikilia uso na si paja lenyewe, kama shida iko pajani? Kwa sababu kwenye kasi ya mita 9 kwa sekunde huwezi kuliamuru paja. Kabla hujamaliza kuwaza "msuli wa nyuma, achia," mguu umeshakanyaga mara tatu. Ila taya unaweza kuiamuru, kwa sababu haina kazi nyingine wakati huo. Jitihada ikizidi, amri inafurika kutoka njia yake na kuingia kwa majirani, na usoni ndipo mafuriko yanapoonekana mapema. Ukiifundisha taya iachie, unajifunza kuituma amri mahali pake bila kumwaga. Bud Winter, aliyekuwa kocha wa San Jose kule Kalifonia, aliwahubiria wakimbiaji wake taya legevu na viganja legevu. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia alikuwa akiwafundisha marubani wa jeshi la maji la Marekani namna ya kujilegeza. Baadaye wawili kati ya wanafunzi wake, Tommie Smith na Lee Evans, walirudi na dhahabu kutoka Meksiko 1968, mmoja kwa 19.83 za mita 200 na mwingine kwa 43.86 za mita 400, zote rekodi za dunia.

Alhamisi tulifanya jaribio bila mimi kukueleza, unisamehe. Ulikimbia mita 20 za kuruka mara nne, ukiingia na kasi kutoka mita 30 nyuma. Mbili nilikwambia "toa kila kitu." Mbili nilikwambia "mdomo wazi, mabega chini, toa tisa kwa kumi." Nilizipishanisha ili uchovu usilalie upande mmoja, na kati ya moja na nyingine ulipumzika dakika sita. Ulinung'unika kuhusu jua, nakumbuka. Sikutumia stopwochi kwa sababu kidole changu peke yake kinaweza kukosea kuliko tofauti ninayoitafuta. Nimehesabu fremu kutoka fito hadi fito. Bora yako ya "kila kitu" ni fremu 533, sekunde 2.22. Bora yako ya "tisa kwa kumi" ni fremu 521, sekunde 2.17. Mbio nne si ushahidi wa kupeleka mahakamani, tutarudia. Lakini tazama ulichoniambia baada ya ile ya 2.17: "Hiyo ilikuwa nyepesi mwalimu, hiyo usiihesabu." Hisia yako ya kasi ndiyo inayokudanganya. Umezoea kupima mwendo kwa maumivu.

Kwa wiki tatu zijazo tutafanya hivi. Jumanne na Ijumaa, mara nne, mita 90: 30 za kujenga, 20 za kasi kamili, 20 za kuachia, 20 za kasi tena. Kwenye zile 20 za kuachia usipunguze mwendo, punguza jitihada. Teleza na kasi uliyonayo, acha mabega yashuke, sikia shavu likicheza. Ukiingia kwenye 20 za mwisho usizianze kwa kukaza, zianze kwa kuharakisha viganja. Mapumziko ni dakika nane au tisa, na usinisumbue kutaka kuyapunguza, maana nikiruhusu ukimbie umechoka nitakuwa nakufundisha kule kukakamaa ninakotaka kukuondolea. Siku video ikionyesha mguu umeongeza fremu mbili chini kati ya mbio ya kwanza na ya tatu, ya nne hatuifanyi.

Mikononi utashika krispi ya muhogo, moja kila mkono, kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikivunjika, nitajua ilivunjikia wapi kwa kuangalia video. Wenzako watacheka, waache.

Kwenye mstari wa kuanzia, kabla hujaitwa kwenye bloku, vuta mabega mpaka masikioni, hesabu tano, yaangushe pamoja na pumzi. Mara mbili. Lengo ni shingo ikumbuke tofauti ya kukaza na kuachia, kwa sababu wengi wetu tumekaza siku nzima bila kujijua. Jichunguze kesho ukiwa umesimama kwenye Mwendokasi kutoka Kimara, umeshika bomba, watu wamekubana: mabega yako wapi? Ulimi umegandamizwa juu ya kinywa au umelala? Nilijichunguza mimi mwenyewe juzi, mabega yalikuwa Kimara na mimi nimeshafika Kivukoni.

Kuna kitu kimoja sikitaki. Usije ukaanza kutabasamu kwenye mbio kwa sababu ya ile picha ya Bolt akicheka nusu fainali ya Rio 2016. Yule alikuwa ameshawaacha. Tabasamu nalo ni msuli unaokaza. Nataka uso usio na habari yoyote, kama wa mtu anayesubiri chenji dukani.

Mashindano yajayo yule wa njia ya tano atakuja tena begani kwako, maana ana mwendo mzuri. Utamsikia kabla hujamwona, viatu vyake vina kelele. Sitakuomba usimsikie. Ukimsikia, fanya kitu kimoja tu: angusha taya. Tutalizoesha mazoezini. Nimeshaongea na yule kijana wa mita 200 awe anakufuata mita mbili nyuma kwenye zile 20 za mwisho, ili masikio yazoee kelele za viatu na taya ijue kazi yake.

Jumanne saa 12 asubuhi, kabla jua halijachachamaa. Krispi nitanunua mimi, wewe njoo na fito.